Kijiti, mwongozaji au wawili wawili: kundi lenu lipokezane vipi kwenye wasilisho?

Kundi la watu wanne limepewa dakika ishirini: kumi na tano za kuzungumza, tano za maswali. Swali la kwanza linaloulizwa kwenye kikao cha maandalizi huwa "nani anasema nini?" Wakishagawana mada, kila mtu anarudi kwake kuandaa kipande chake, wanakutana tena mlangoni mwa ukumbi. Hapo ndipo wasilisho linapoharibika, hata kama kila mmoja kajiandaa vizuri, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kushughulikia yale yanayotokea kati ya msemaji mmoja na mwingine. Wala hakuna aliyejua saa inasomwaje.

Mitindo ya kupokezana iko mingi, lakini mitatu ndiyo inayofaa kulinganishwa. Nitaitumia kwa mfano mmoja ili tofauti zionekane: wanafunzi wanne wanawasilisha utafiti mdogo kuhusu kwa nini vitabu vya maktaba huchelewa kurudishwa. Kuna tatizo, kuna njia ya utafiti, kuna matokeo, kuna mapendekezo.

Mitindo yenyewe

Mtindo wa kijiti ndio wengi wanaoujua: wa kwanza anamaliza, anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, hadi mwisho. Kila mtu anasimama mara moja. Kwa watu wanne kuna makabidhiano matatu tu.

Mtindo wa mwongozaji unamweka mtu mmoja katikati. Yeye anafungua, anamwita mtaalamu wa kwanza, anapokea, anaunganisha, anamwita wa pili, na mwisho anafunga. Kwa kundi hilohilo la wanne, yaani mwongozaji na wenzake watatu, makabidhiano yanakuwa sita. Mkichukua sekunde kumi kwa kila moja, kijiti kinakula nusu dakika na mwongozaji anakula dakika nzima. Si nyingi, lakini katika dakika kumi na tano dakika moja ni chati nzima mnayoiacha.

Mtindo wa wawili wawili unasimamisha watu wawili kwa pamoja, wanapokezana sentensi au hoja, kisha jozi ya pili inaingia. Hapo kuna badiliko moja kubwa katikati na mengi madogo ambayo hayahitaji mtu kutembea. Ukifanywa vizuri ndio unaosikika kwa raha kuliko yote. Ukifanywa ovyo, wasemaji wanakatizana, au mmoja anageuka sanamu huku mwenzake akiongea dakika tatu mfululizo.

Makabidhiano: sentensi mbili, siyo mkaribisho

Kwenye kijiti, makabidhiano mabaya yana sura moja: "Kwa hayo machache naomba niishie hapo, nimkaribishe mwenzangu aendelee." Mwenzake anapanda, anasalimia upya, anajitambulisha, anasema "kama alivyotangulia kusema mwenzangu," kisha anarudia alichosema mwenzake. Hesabu saa: sekunde thelathini hadi arobaini zimekwenda na msikilizaji hajapata neno jipya hata moja. Mara tatu hivyo, dakika mbili karibu zimeyeyuka. Itifaki ikishazingatiwa na wa kwanza, imezingatiwa kwa wote. Majina ya wote wanne yatajwe mwanzoni, yawe pia kwenye slaidi ya kwanza, basi.

Makabidhiano mazuri yanatengenezwa na sentensi mbili zilizoandikwa na watu wawili wakiwa wamekaa pamoja. Sentensi ya mwisho ya anayetoka inaacha kitu wazi, na sentensi ya kwanza ya anayeingia inakijibu. Kwenye mfano wetu wa maktaba, wa kwanza anamaliza hivi: "Daftari la maktaba linaonyesha nani kachelewa. Halisemi kwa nini." Wa pili anaanza moja kwa moja: "Kwa hiyo tuliwafuata waliochelewa wenyewe, tukawauliza." Wa pili naye anamalizia: "Tulitarajia wengi watuambie wamesahau." Wa tatu: "Waliosahau walikuwa wachache. Wengi walijua tarehe vizuri, ila kila walipofika walikuta dirisha la kurudishia limefungwa." Hakuna aliyekaribishwa, na bado kila mtu ukumbini ameelewa kwamba zamu imebadilika.

Hizo sentensi mbili ndizo pekee ninazoshauri zikaririwe neno kwa neno. Katikati ya kipande mtu aongee kwa maneno yake. Anayekariri kipande kizima hushindwa kukifupisha saa ikimbana, na tutaona kwamba kufupisha ndiyo kazi kubwa.

Kuna jambo la mwili pia. Anayeingia asimame sentensi mbili kabla ya zamu yake, aje upande ambao mwenzake hatatokea, ili wasipishane mbele ya picha. Anayetoka aache slaidi yake ya mwisho ikiwa kwenye skrini. Slaidi mpya ibonyezwe na anayeingia, baada ya kutamka sentensi yake ya kwanza. Watu wengi hufanya kinyume: anayetoka anabonyeza kwa ukarimu, ukumbi unaanza kusoma slaidi mpya, na sentensi ya kwanza ya mwenzake, ile mliyoitengeneza kwa makini, inapita bila kusikika. Rimoti na kipaza sauti cha mkononi vikabidhiwe vikiwa vimewashwa. Ukisikia msemaji anaanza na "halo, halo, nasikika?" ujue mwenzake amezima kwa heshima.

Mwongozaji ana unafuu hapa, kwa kuwa maneno yote ya kuunganisha yako kinywani mwake. Wataalamu watatu wanaweza kuwa hawajawahi hata kufanya mazoezi pamoja, na bado yeye akavishona vipande vyao. Lakini anaweza naye kugeuka mshereheshaji: "Asante sana kwa maelezo mazuri, sasa twende kwa..." Kipimo ni rahisi. Kama maneno yake ya kuunganisha yangeweza kusemwa kwenye wasilisho la mada nyingine yoyote, hayana kazi. Mwongozaji anayejua kazi yake angesema: "Tumesikia dirisha linafungwa mapema. Je, maktaba yenyewe inalijua hilo?" Hapo ametoa muhtasari na ameuliza swali linalombeba anayefuata.

Wawili wawili hawana budi kukubaliana ishara, maana zamu zinabadilika kila nusu dakika. Ishara inayofanya kazi ni jicho: anayemaliza anamgeukia mwenzake kabla ya neno la mwisho, si baada yake. Mwangalie anayesubiri pia. Kama anaangalia karatasi yake wakati mwenzake anaongea, atachelewa kuingia, na ukimya wa sekunde tatu kati ya watu waliosimama bega kwa bega unaonekana mrefu kuliko ule wa mtu anayetembea kutoka kitini.

Saa: dakika za kila mtu au alama za pamoja

Hapa uamuzi ni mzito kuliko ule wa mtindo, na wengi hawajui kwamba kuna uamuzi wa kufanya. Njia ya kawaida ni kumgawia kila mtu dakika zake: wewe tatu na nusu, wewe nne na nusu. Njia nyingine ni kutumia saa moja inayoanza na neno la kwanza la wasilisho, na kumpa kila mtu alama mbili juu ya saa hiyo: unaanza ikisoma ngapi, unamaliza ikisoma ngapi.

Tuweke mpango wa kundi letu kwa mtindo wa kijiti. Kati ya dakika 15, wanapanga maudhui ya dakika 13 na sekunde 30, nusu dakika ya makabidhiano, na dakika moja wanaiacha akiba.

| Sehemu | Urefu | Huanza | Humaliza |
|---|---|---|---|
| Tatizo | 2:30 | 0:00 | 2:30 |
| Njia ya utafiti | 3:30 | 2:40 | 6:10 |
| Matokeo | 4:30 | 6:20 | 10:50 |
| Mapendekezo | 3:00 | 11:00 | 14:00 |

Sasa siku yenyewe wa kwanza anapitiliza, anamaliza 3:15. Kama kila mtu anajua dakika zake tu, wa pili anaanza 3:25 na kwa dhamiri safi anatumia tatu na nusu zake, anamaliza 6:55. Wa tatu anaingia 7:05, kwenye chati moja anajisahau kwa sekunde 40, anamaliza 12:15. Wa nne anaanza 12:25, na dakika zake tatu zinamfikisha 15:25. Msimamizi anamkata saa ikisoma 15:00, katikati ya pendekezo la mwisho. Yeye hakukosea kitu. Tena kipande alichobeba ndicho wasikilizaji walichokuwa wanakisubiri.

Kwa alama za pamoja, wa pili anapoanza anaiona saa inasoma 3:25 wakati alama yake ni 2:40. Anajua hapohapo kwamba kundi lina deni la sekunde 45. Kwenye karatasi yake kuna aya moja aliyoiwekea mabano tangu nyumbani, maelezo ya jinsi dodoso lilivyosambazwa, yenye sekunde 40 hivi. Anairuka. Anamaliza 6:15, sekunde tano tu nyuma ya mpango. Wa tatu anaanza 6:25, naye anapitiliza zile sekunde zake 40. Lakini ana alama ya katikati, kwamba chati ya pili iwe imeanza kabla ya 8:30. Akiona imepita, anaiacha chati ya tatu, ya sekunde 45, na anamaliza 10:50. Wa nne anaanza 11:00 kamili, akiba ya dakika moja haijaguswa.

Tofauti kati ya hadithi hizi mbili haikuletwa na nidhamu. Makosa ya kupitiliza ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba deni lilionekana mapema na lililipwa na aliyelipokea, badala ya kusukumwa hadi kwa wa mwisho. Hili ni lazima likubaliwe kabla ya siku, kwa sababu wa pili atanung'unika, na ana haki: kwa nini nikatwe mimi kwa kosa la mwenzangu? Jibu ni kwamba kila mtu aandae kipande cha kuruka, wa kwanza pia, na kiwe na mabano yanayoonekana. Deni lisilofika sekunde 20 mliache, akiba itabeba. Anayejaribu kulipa sekunde kumi kwa kuongea haraka huharibu zaidi ya anachookoa.

Usipange urefu wa kipande kwa kuhesabu maneno kwa kutumia vipimo vya lugha nyingine. Neno moja la Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo idadi ya maneno kwa dakika inayonukuliwa kwa Kiingereza itakudanganya. Simama, ongea kwa sauti ya ukumbini, washa kipima muda. Kusoma kimya kwa macho hakuhesabiki.

Nani ashike saa?

Mwongozaji anaishika mwenyewe, na hiyo ni nguvu yake kubwa. Deni likitokea anaweza kulilipa kwa maneno yake ya kuunganisha bila kumgusa mtaalamu yeyote. Hatari ni kwamba akipotea yeye, hakuna mwingine anayejua wamefika wapi.

Kwenye kijiti, mtunza saa asiwe mtu anayefuata kuongea. Huyo akili yake iko kwenye sentensi yake ya kwanza. Aliyekwisha kuzungumza ndiye mwenye nafasi. Kwa hiyo wa mwisho anamtunzia wa kwanza, na wa kwanza akimaliza anakaa mstari wa mbele na kuwatunzia wengine wote. Ishara ziwe mbili tu: karatasi ya "dakika moja" na karatasi ya "funga." Nimeona makundi yenye kadi za rangi nne, na msemaji akijaribu kukumbuka njano maana yake nini huku akieleza grafu.

Simu ikitumika, iwekwe hali ya ndege na skrini yake izuiwe kujizima. Simu inayojifunga kila baada ya nusu dakika si saa. Wanaotumia PowerPoint wana kipima muda kwenye mwonekano wa mwasilishaji, lakini kinaanza kuhesabu pale onyesho linapofunguliwa. Mkilifungua mapema wakati msimamizi bado anawatambulisha, mtaanza mkiwa na dakika mbili za uongo. Kipo kitufe cha kukianzisha upya, mkibonyeze na neno la kwanza. Na mwulizeni msimamizi yeye anaanza kuhesabu lini, mnapoitwa au mnapofungua mdomo, kwa sababu saa yake ndiyo itakayowakata.

Slaidi ziwe faili moja. Mafaili manne ya watu wanne maana yake mara tatu ukumbi utatazama mtu akitafuta folda. Mkihitaji kuruka chati kama alivyofanya wa tatu, andika namba ya slaidi kwenye kibodi kisha Enter, na PowerPoint itaruka moja kwa moja bila kupitisha zile za katikati mbele ya macho ya watu. Ndiyo maana namba za slaidi ziandikwe kwenye karatasi ya kila msemaji, kando ya yale mabano.

Mtindo upi basi

Kama mnaweza kukutana na kufanya mazoezi kamili angalau mara mbili huku mkijipima kwa saa, na kila mmoja anapewa maksi zake binafsi, chukueni kijiti chenye alama za pamoja. Msahihishaji anamwona kila mtu waziwazi na muda unaopotea ni mdogo. Udhaifu wake ni mtu kukosekana. Asubuhi ya siku yenyewe mmoja akiumwa, mnyororo umekatika. Dawa ni kila mtu ajue kipande cha anayemfuata, kwa kiwango cha kukieleza kwa kutazama slaidi.

Kama hamwezi kukutana, au mmoja wenu ana ufasaha unaowazidi wengine kwa mbali, au wasemaji wanatoka idara tofauti na kila mmoja analeta kitu chake, mwongozaji ni salama zaidi. Mtu akikosekana, anaziba pengo kwa sentensi mbili. Ila kwenye kazi inayosahihishwa mtu mmojammoja mfikirie mara mbili: ama ataonekana ndiye aliyefanya yote, ama ataonekana hakuwa na maudhui yake, na nimesikia malalamiko ya aina zote mbili. Mpeni kipande halisi, kwa mfano tatizo mwanzoni na pendekezo kuu mwishoni.

Wawili wawili ninaushauri kwa jambo moja tu, pale ambapo kuna kitu cha kuonyesha: mmoja anaendesha programu au kifaa, mwenzake anaeleza kinachotokea. Nje ya hapo unahitaji mazoezi mengi kuliko kundi la kawaida linavyoweza kufanya. Mnaweza kuuchanganya: kijiti kwa wasilisho lote, na jozi kwa dakika mbili za maonyesho tu.

Mtindo wowote mtakaochagua, zoezi lenye faida kubwa kwa muda mdogo ni la viungo, yaani pale mnapokabidhiana zamu. Msirudie wasilisho zima. Anayetoka aseme sentensi zake mbili za mwisho, aondoke, anayeingia aje, apokee rimoti, aseme mbili zake za kwanza, abonyeze. Ruka katikati yote, nenda kwenye kiungo kinachofuata. Viungo vitatu vinaisha kwa dakika mbili hivi, kwa hiyo mnaweza kurudia mara tano kwenye korido kabla ya kuitwa. Kama kiungo kinamlazimu mtu kutazama karatasi, bado hakijaiva.

Kwa mtandao mambo hubadilika kidogo. Hakuna mwili wa kuonekana ukisogea, na sauti huchelewa, kwa hiyo jina la anayepokea litajwe mwishoni mwa sentensi ya kukabidhi ili apate nafasi ya kufungua maiki. Skrini ishirikishwe na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho. Kubadilishana kushirikisha skrini ni kule kutafuta folda kwa jina lingine.

Yamebaki maswali. Dakika tano hizo nazo zina makabidhiano, na hapo hata kundi lililopokezana vizuri huanza kutazamana. Chagueni mtu mmoja wa kupokea kila swali, hata kwenye kijiti. Analirudia kwa kifupi, na kurudia kwake kunampa mwenye jibu sekunde tano za kufikiri, kisha anamtaja atakayejibu. Mmoja ajibu, wengine wasiongezee. Nyongeza ya "labda nami niongeze kidogo" ikipita mara mbili, swali la tatu halitaulizwa.